Maoni 87 mazuri, na bado ningelala kwingine

*"Habari dada. Nina miaka 25, naishi Nairobi, na Agosti nataka kwenda Kigali peke yangu kwa siku tano. Nimejiunga na Couchsurfing, ule mtandao wa wasafiri kulala bure nyumbani kwa watu, na wenyeji wawili wamenikubali. Mmoja ni mwanaume wa Kimironko, ana nyumba ya vyumba viwili, na maoni 87 yote mazuri. Wengine ni mume na mke wa Nyamirambo, wana maoni 6 tu. Mama hataki hata kusikia habari hii. Niende kwa nani, na nitajuaje kama ni salama?"*

Mdogo wangu, nenda Nyamirambo, lakini baada ya kuwauliza maswali mawili nitakayokupa hapa chini. Nimesoma kurasa zote mbili ulizonitumia, nikakaa nazo jioni nzima, kwa hiyo nitakuonyesha nilichokiona ili safari nyingine usihitaji kuniandikia.

Nianze na kitu kinachonihusu mimi. Nimepokea wageni nyumbani kwangu Arusha tangu 2011, na nimelala kwa watu katika miji mingi. Katika mji mmoja, ambao siutaji, mwenyeji aliniandikia kwamba nitapata chumba changu. Nilipofika usiku, chumba kilikuwa kimoja na kitanda kimoja. Alicheka, akasema mimi ni mgeni, nitalala upande wa ukutani. Nililala sakafuni jikoni, juu ya kanga zangu, na asubuhi nikaondoka. Sasa sikiliza nilichomwandikia kwenye maoni: "Mwenyeji mchangamfu, anaujua mji wake vizuri. Asante kwa kunipokea." Basi. Miezi miwili baadaye msichana mmoja alinitumia ujumbe: dada, mbona hukusema?

Sikusema kwa sababu nilikuwa nimekula chakula chake. Nilifundishwa tangu utotoni kwamba ukitoka kwenye nyumba ya mtu huendi kuisema barabarani. Na niliogopa naye angeniandika vibaya, nikakosa pa kulala safari zijazo. Hofu hiyo ya pili wenye mtandao wanaijua, ndiyo maana kwenye Couchsurfing maoni ya mgeni na ya mwenyeji hufichwa mpaka wote wawili wawe wameandika, au siku 14 zipite. Utaratibu huo hupunguza kulipizana visasi, ila aibu ya kumsema aliyekulisha hauigusi. Kwa hiyo kwenye mtandao wa namna hii unapoona maoni yote ni mazuri, umeona hali ya kawaida tu. Karibu kila mtu ana maoni mazuri. Kazi yako ni kutafuta ambacho hakikusemwa.

Tumchukue basi huyu wa Kimironko.

Kwanza nilitenganisha hayo maoni 87. Si yote yanatoka kwa watu waliolala kwake. Kuna ya wageni, kuna ya wenyeji waliompokea yeye, na kuna ya watu waliokutana naye tu kwa kahawa au kwenye mikutano ya wasafiri. Aliyekunywa naye kahawa saa moja hawezi kukueleza chochote kuhusu nyumba yake saa sita za usiku. Nilipoyatoa hayo, wageni waliolala walibaki 61. Wenyeji waliompokea yeye hawapo hata mmoja. Hilo peke yake si kosa, kwa kuwa kusafiri kunahitaji pesa na viza, na wengi wetu tunapokea kuliko tunavyopokelewa. Nililiandika tu pembeni.

Halafu nikahesabu hao 61 ni akina nani. Wanawake ni 52, karibu wote peke yao, na karibu wote wana miaka ishirini na kitu. Wanaume ni tisa, na wanne kati yao walikuja na mke au mpenzi. Mtu anayepokea wageni kwa sababu anapenda wageni hupata mchanganyiko: mzee aliyestaafu, vijana wawili wa baiskeli, mama na mtoto wake. Hakuna aliyepanga nani aombe kulala Kigali, lakini yeye ndiye anayepanga nani amkubali. Ukifungua sehemu ya nyumba yake kwenye ukurasa utaona ameweka kwamba anapendelea wageni wa kike, na mpangilio wa kulala ni chumba cha pamoja. Wewe umeniambia ana "nyumba ya vyumba viwili". Ndivyo anavyosema kwenye maelezo yake. Kwenye sehemu ya kujaza, ambayo wengi hawaisomi, amesema kingine.

Sasa maneno yenyewe. Wageni watatu, wa miaka tofauti, wasiojuana, wameandika jambo moja: ni mtu muwazi sana, "ukiwa na mipaka yako mwambie mapema naye ataelewa". Soma hapo taratibu. Hakuna anayeandika hivyo kuhusu mtu ambaye hakujaribu kuivuka mipaka hiyo. Nyumbani kwangu hajawahi kupita mgeni akaandika kwamba nilielewa aliponikatalia, maana hakuna nilichoomba. Hayo ni maonyo yaliyovikwa nguo ya sifa, na yalihesabiwa na mtandao kama maoni mazuri matatu.

Kisha nikafanya jambo ninalolifanya siku zote, nalo ndilo linalonipa mengi kuliko mengine yote. Nilibonyeza majina ya wanawake kumi walioandika kwa ufupi, nikasoma wanavyoandika kuhusu wenyeji wengine. Mmoja wao alilala kwa familia moja katika mji wa Huye wiki hiyohiyo. Familia ile ameiandikia aya mbili: majina ya watoto, ndizi walizopika, safari ya sokoni. Huyu wa Kimironko amemwandikia sentensi moja: "Asante kwa kunipokea Kigali." Mwandishi yuleyule, safari ileile. Nilipoona sentensi ile nilijikuta namkumbuka yule niliyekuwa, na kanga zangu sakafuni. Kati ya hao kumi, saba wana tofauti ya namna hiyo.

Sikuambii kwamba huyu bwana ni mhalifu. Huenda ni mtu wa kutongoza tu, akikataliwa analala zake. Ninachosema ni kwamba ushahidi uliopo hautoshi kumlaza msichana aliye peke yake katika chumba cha pamoja, na maoni 87 hayabadilishi hilo.

Kuhusu ile alama ya kijani inayosema amehakikiwa, usiipe uzito mkubwa. Inahusu malipo, namba ya simu na kitambulisho. Inakusaidia kujua kwamba mtu huyo yupo, si kwamba ana adabu. Vilevile ada ya kila mwezi au mwaka wanayolipa wanachama wa nchi nyingi, iliyoanza Mei 2020, inakwenda kwa kampuni. Mwenyeji hapati hata senti na haruhusiwi kukutoza kwa kulala. Akitaja bei, au akikutaka utume picha ya pasipoti "kwa ajili ya usalama wa jengo", funga mazungumzo.

Kuna kesi moja ambayo kila anayelala kwa watu anapaswa kuijua. Mwaka 2015 mahakama ya Padova, Italia, ilimhukumu askari wa karabinieri, kikosi cha polisi cha Italia, aliyekuwa akipokea wageni kupitia Couchsurfing kwa jina lisilo lake. Alimbaka msichana wa Kiaustralia wa miaka 16 baada ya kumlevya kwa dawa aliyoitia kwenye kinywaji. Msichana hakuwa peke yake: alikuwa na mama yake na dada yake, na wote walinywa. Baadaye wanawake wengine kutoka nchi mbalimbali walijitokeza na habari inayofanana na hiyo. Nayataja haya kwa sababu mbili. Ya kwanza, kazi ya mtu, hata ya sare, si dhamana, na jina lililoko kwenye ukurasa si lazima liwe la kwenye kitambulisho. Ya pili, mlango wa hatari ulikuwa glasi. Kwa hiyo kanuni yangu ni moja tu na haina ubaguzi: usiku wa kwanza sinywi kileo kwa mwenyeji, na chochote ninachokunywa nimekifungua mwenyewe au nimeona kikimiminwa kutoka chombo kimoja tunachonywa sote. Nikihimizwa mara mbili nasema nina dawa ninazokunywa. Uongo huo sijautubia.

Tuje Nyamirambo.

Maoni sita ni machache, lakini angalia ni ya nani. Mwendesha baiskeli kutoka Ufaransa. Wazee wawili, mume na mke, Wajerumani. Msichana wa Kampala aliyekuja peke yake. Kijana wa Bujumbura. Na wawili wa mwisho si wageni bali wenyeji waliowapokea wao, mmoja wa Kampala na mwingine wa Dar es Salaam. Watu wa aina zote hizo wamepita mlango mmoja. Zaidi ya hapo, maoni yao yana malalamiko. Mfaransa anasema maji yalikatika siku mbili wakawa wanaoga kwa ndoo. Wazee wanasema adhana ya alfajiri iliwaamsha na mtoto wa nyumba hiyo anapanda kitandani kwa wageni kabla jua halijatoka. Msichana wa Kampala anasema mlango wa chumba chake ulikuwa na komeo la ndani, na mama mwenye nyumba alimsindikiza hadi stendi. Komeo la mlango! Hakuna anayetunga jambo kama hilo. Malalamiko madogo yenye maelezo ndiyo dalili bora kwamba walioandika walikuwa huru kusema.

Udhaifu uko mahali pamoja: maoni ya karibuni zaidi yana umri wa miaka miwili. Ndani ya miaka miwili watu huachana, huhama, hupangisha chumba. Ukurasa unasema "sisi", lakini aliyekujibu amesema "mimi" kila mahali, na hajamtaja mkewe. Huenda si kitu. Ndiyo maana kuna maswali mawili: nani wanaishi ndani ya nyumba sasa hivi, na mimi nitalala wapi hasa? Waulize hivihivi, kwenye ujumbe wa ndani ya mtandao, si WhatsApp. Mazungumzo yakibaki humo, ukitokea mgogoro kuna kumbukumbu ambayo mtandao wenyewe unaweza kuisoma. Anayekuharakisha kuhamia WhatsApp siku ya kwanza mara nyingi ni mvivu tu wa kufungua programu, lakini hapotezi chochote akisubiri mpaka siku ya safari.

Unaweza kuandika hivi:

*"Habari za huko. Nashukuru kwa kunikubali. Nafika stendi ya Nyabugogo tarehe tuliyokubaliana na nitakaa usiku tatu. Naomba kujua nani wengine wapo nyumbani kwa sasa, na kama nitakuwa na chumba changu chenye mlango wa kufunga. Mama yangu angependa kumsalimia mama wa nyumba kwa simu ya video kabla sijasafiri, kama haitakuwa usumbufu."*

Sentensi ya mwisho ndiyo kipimo. Familia ya kwetu itafurahi, na mama yako na huyo mama watamaliza vifurushi vyenu wakiongea, maana Nyamirambo ni mtaa wa Waislamu wa Kigali tangu zamani na Kiswahili kinazungumzwa humo. Na mama yako, ambaye umesema hataki kusikia, atakuwa ameona sura na kusikia sauti. Asiye na familia ataanza visababu: mke kasafiri, mtandao mbaya, ataongea ukishafika. Hapo umeshapata jibu.

Ukiona bado una shaka, mwandikie yule msichana wa Kampala. Usimuulize "ni watu salama?", kwa kuwa atajibu ndiyo kwa adabu ileile niliyokueleza. Muulize swali analoweza kujibu bila kumsema mtu: ulilala chumba gani, jioni mlikuwa mnafanya nini, ungemtuma mdogo wako wa kike? Swali hilo la mwisho limewahi kuniletea jibu la neno moja tu, "Hapana", kutoka kwa mtu aliyekuwa ameandika sifa tupu. Watu wengi hawaingii tena kwenye akaunti zao wakishamaliza safari, kwa hiyo waandikie watatu kupata jibu la mmoja.

Nimekuandikia usiku tatu, si tano, kwa makusudi. Unajua wenyewe wasemavyo kuhusu mgeni na jembe. Usiku mbili za mwisho panga nyumba ya wageni. Vituo vya makanisa mjini vina vyumba vya bei ya kadiri na usafi wa uhakika. Hesabu hiyo ina faida nyingine: inakulazimu uwe na pesa ya kulala mahali pengine. Anayelala kwa watu kwa sababu hana hata pesa ya chumba cha usiku mmoja hana uwezo wa kuondoka, na mwenye nia mbaya hulinusa hilo. Weka pesa hiyo kando, tayari kwa faranga za Rwanda, pamoja na jina na namba ya sehemu moja uliyoihakikisha kwamba inafungua mlango usiku.

Safari yenyewe ina mtego. Basi la Nairobi kwenda Kigali kupitia Kampala huchukua yapata saa 24, na foleni ya mpakani huweza kukufikisha usiku wa manane. Kama Mkenya unaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa, lakini mimi ningebeba pasipoti pia. Tafuta basi litakalokufikisha mchana, au lala Kampala katikati. Ukichelewa sana, usiende kwa mwenyeji usiku huo. Lala nyumba ya wageni, umtumie ujumbe, uende asubuhi. Na mkipatana saa, andikeni kwa tarakimu, 14:00. Saa ya Kigali iko nyuma ya Nairobi kwa saa moja, halafu wewe ukisema "saa nane" mwenzako aliyezoea Kifaransa atasikia nane asubuhi. Nimewahi kumsubirisha mtu stendi nusu siku kwa kosa hilo.

Kutana nao kwanza mahali penye watu. Ukiwa huko, mtumie dada yako au rafiki mahali ulipo kwa simu, na ukifika nyumbani mtumie tena, pamoja na picha ya geti. Fanya hivyo wazi, mbele yao: "Ngoja nimwambie dada nimefika." Kisha angalia nyumba. Chumba ndicho ulichoambiwa? Komeo lipo? Mama wa nyumba yupo? Kikibadilika kimoja, mathalani umefika ukaambiwa mke yuko kwa wazazi wake, huna haja ya kujenga hoja. Rafiki yako anakupigia, una dharura, unaondoka. Mkoba wenye pasipoti, simu, chaja na pesa usiutue kabla hujamaliza kuangalia. Nguo zinaweza kubaki, utanunua nyingine. Najua jinsi inavyouma kuondoka mbele ya chakula kilichokwisha pakuliwa. Ondoka.

Sipendi kuandika hili ila lazima. Likitokea baya, namba ya polisi Rwanda ni 112. Katika hospitali za huko kuna vituo vinavyoitwa Isange, ambapo daktari, polisi na mshauri wako mahali pamoja. Usioge wala usifue nguo kabla ya kufika. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI huanzwa ndani ya saa 72, na kadiri inavyowahi ndivyo inavyofaa. Ukihisi ulilevywa, omba mkojo upimwe mara moja, kwa sababu baadhi ya dawa hizo hutoweka ndani ya saa chache.

Usipojibiwa vizuri Nyamirambo, jaribu pia mitandao ya BeWelcome na Trustroots, ambayo ni ya bure na haiendeshwi kibiashara. Wenyeji wa Afrika Mashariki humo ni wachache, na ukurasa wenye maoni mawili ni wa kawaida, lakini kusoma ni kulekule. Servas, mtandao wa wenyeji na wasafiri ulioanza 1949, wenyewe humhoji mgeni kabla ya kumpa barua ya utambulisho. Ni polepole, ila wenyeji wake mara nyingi ni familia na watu wazima.

Mchukulie mtoto wa nyumba kitu kidogo, na mama wa nyumba majani ya chai ya Kericho, hakuna anayekataa. Ukimaliza, andika maoni ndani ya zile siku 14, na uandike yanayomfaa msichana atakayekufuata: ulilala wapi, mlango ukoje, nani walikuwepo. Nami niandikie kama maji yanatoka.